Kipara Kisiwe Kioo, Kisiwe Jivu

Mwalimu alivaa miwani, akaishika picha kwa mikono miwili, akaitazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya utosi wake mwenyewe, ule wa kwenye karatasi.

"Mwanangu," akasema, "hapa umenipaka unga wa muhogo?"

Binti yake, aliyeniagiza kazi ile, hakucheka. Mimi nami sikuwa na cha kucheka, maana mzee alikuwa amesema kweli. Alikuwa anastaafu baada ya miaka mingi ya kufundisha shule ya msingi hapa Tanga, na watoto wake walitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Nilimpiga nyumbani kwake mwezi wa Februari, saa nane mchana, feni inazunguka na jasho linatoka vilevile. Mzee ana kipara kizima, kilichonyolewa asubuhi ileile na kupakwa mafuta ya nazi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na mama yake kwenda mbele za watu. Mimi nilikuwa na kamera na flashi ndogo iliyopachikwa juu yake, na darini taa ya mrija ilikuwa inawaka. Picha ilipotoka, kwenye paji la kichwa kulikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kifuniko cha soda, na karibu na utosi kijistari cheupe kama njiti ya kibiriti.

Usiku nilikaa kwenye kompyuta nikafanya ambalo kila mtu hulifanya mwanzo: nilipunguza mwanga wa pale penye doa. Weupe ukapungua kweli. Kwenye skrini, saa sita ya usiku, niliona kazi imekwisha. Kwenye karatasi, mchana, mzee akaona unga wa muhogo.

Kosa langu halikuwa la mkono. Sikujua mng'ao ni kitu gani, nikaushughulikia kama vile ni ngozi iliyozidi weupe, na sivyo ulivyo.

Mwanga ukifika kwenye ngozi hurudi kwa njia mbili. Sehemu moja hupenya, ikazunguka ndani ya ngozi, ikachukua rangi yake, ndipo ikatoka. Huo ndio unaotufanya tuseme huyu ni mweusi, huyu ni maji ya kunde. Sehemu nyingine haiingii kabisa. Inagonga juu, kwenye utando wa mafuta na jasho, ikaruka kama mpira unavyodunda kwenye sakafu. Mwanga huo haujaigusa rangi ya mtu, kwa hiyo unarudi na rangi ya taa iliyoutoa. Ndiyo maana mng'ao wa flashi ni mweupe, na mng'ao wa balbu ya zamani ni wa manjano, kichwa kiwe cha nani.

Unaoruka hivyo si mwingi. Ukigonga ngozi kwa kuielekea moja kwa moja, ni karibu sehemu 4 katika 100, na kiasi hicho ni kilekile kwa Mmakonde na kwa Mnorwe. Tofauti iko kwenye ule mwingine. Ngozi nyeusi huumeza mwanga mwingi unaopenya na kurudisha kidogo, kwa hiyo zile sehemu 4 zinasimama peke yake mbele ya giza na kuonekana kali. Doa lilelile juu ya ngozi nyeupe lingepotea nusu yake kwenye weupe unaolizunguka. Mtu anayejifunza upigaji picha kwa kufuata mifano ya ngozi nyeupe tu atashangaa kwa nini njia zilezile hapa kwetu zinaacha madoa.

Nywele zingesaidia, kwa kuwa kila unywele huutupa mwanga upande wake na hakuna unaokusanyika. Kipara hakina msaada huo. Chukua kijiko, ugeuze mgongo wake ukuelekee, utaona chumba kizima kimejikunja humo: dirisha, taa, wewe mwenyewe na pua yako kubwa. Kichwa cha mviringo kilichopakwa mafuta hufanya vivyo hivyo, ila kwa ukungu zaidi. Lile doa la kifuniko cha soda lilikuwa picha ya flashi yangu. Ile njiti ya kibiriti ilikuwa picha ya mrija wa darini. Nilikuwa nimepiga picha ya mwalimu pamoja na picha ya taa zangu mbili.

Sasa mtu atasema, basi uondoe mng'ao wote, yaishe. Nimejaribu, na matokeo yake ni mabaya kuliko doa. Mng'ao ndio unaoliambia jicho kwamba kile kitu ni duara, kwamba utosi umeinuka na kisogo kimezunguka. Ukiufuta wote kichwa hubapa, kikawa kama mtungi ambao haujachomwa. Tena sisi tunaijua ngozi isiyo na mafuta: tunasema imepauka, na mtoto akitoka nyumbani na miguu iliyopauka, mama ndiye anayesemwa. Picha ya mzee aliyepauka kichwa si heshima kwake. Kinachotakiwa ni ule mmeto wa mtu aliyeoga akajipaka kidogo, wenye rangi ya ngozi ndani yake.

Na hapo kwenye rangi ndipo nilipoangukia. Kila nukta ya picha ya kompyuta hubeba namba tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Shavuni kwa mwalimu, karibu na sikio, kompyuta ilisoma 142, 96, 70. Tazama mpangilio: wekundu uko juu, ukijani katikati, ubuluu chini. Hayo mapengo kati ya namba ndiyo uhudhurungi wake. Nikapeleka kipimo katikati ya doa: 255, 255, 255. Kikombe kimejaa hadi ukingoni, na kilichomwagika hakikuandikwa popote. Nilipopunguza mwanga, namba zote tatu zilishuka pamoja hadi 190, 190, 190. Zimeshuka, lakini bado ziko sawa, na namba tatu zilizo sawa siku zote ni kijivu. Kitelezi cha kupunguza mwanga hakina njia ya kujua kwamba chini ya weupe ule kulikuwa na ngozi ya hudhurungi. Kinapunguza unga, unabaki unga.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa kitu, napima kwanza. Programu nyingi za kuhariri zina kidonyezi cha kuchukulia rangi. Kipeleke katikati ya mng'ao usome. Ukikuta kitu kama 231, 205, 188, una bahati. Ni pakali, lakini mapengo yapo, rangi bado iko ndani. Hapo kupunguza kunatosha. Kwenye kompyuta ni kushusha `Highlights` taratibu. Kwenye simu, Snapseed ina zana inayoitwa `Selective`: unagusa juu ya mng'ao, unabana au kutanua kwa vidole viwili hadi eneo lisizidi doa, kisha unashusha `Brightness` kidogo, tuseme 20 au 30, na kuongeza `Saturation` chembe. Dakika mbili, umemaliza.

Ukikuta 255 tatu, kitelezi kiache. Rangi itabidi irudishwe kwa mkono, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya nilipotoka kwa mwalimu na picha yangu kwapani.

Mimi natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure, ila Photoshop ina vitu hivyohivyo. Nilifungua picha ya asili na kuweka juu yake tabaka jipya tupu, ili nikiharibu niharibu tabaka, picha ibaki salama. Tabaka hilo nililiwekea hali ya `Darken only`, ambayo Photoshop huiita `Darken`. Maana yake ni kwamba rangi nitakayopaka itashika tu pale ambapo chini yake pana mwanga kuliko rangi yenyewe. Vinyweleo vyeusi, mishipa na mikunjo haviguswi. Hapa wengi hukosea: huiweka hali hiyo kwenye brashi badala ya tabaka. Brashi hujilinganisha na tabaka inamopaka, na tabaka likiwa tupu hakuna cha kujilinganisha nacho, kwa hiyo inapaka kila kitu kama mchoraji wa mabango.

Halafu ni kuchagua rangi. Usiichukue shavuni, kwa kuwa kule mwanga ni mdogo na utosi utaonekana umebandikwa kiraka cheusi. Ichukue ukingoni mwa doa, pale weupe unapoanza lakini ngozi bado inaonekana. Kwa mwalimu nilipata 190, 140, 112. Brashi nikaichagua laini pembeni, upana wake karibu nusu ya doa, na `Opacity` nikaishusha hadi 15. Namba hiyo ndogo ndiyo inayolinda kazi. Kila pito linaongeza rangi kidogo tu, na hata baada ya pito la saba umefunika kama theluthi mbili tu, kwa hiyo unapata nafasi ya kusimama na kutazama. Nilipita katikati mara nyingi, pembeni mara chache, hadi doa likafunikwa kabisa.

Kufikia hapo picha hutisha. Utosi ni wa hudhurungi, sawa, lakini umelala kama plastiki iliyoyeyuka. Usiogope, bado kuna mambo mawili.

La kwanza ni ngozi yenyewe. Kichwa kilichonyolewa kina vitundu, vinukta vya nywele zinazoanza kuota, pengine na kovu la utotoni, na rangi niliyopaka haina hata kimoja. Nikaweka tabaka la pili, la kawaida, nikachukua zana ya `Heal`, ambayo Photoshop ni `Healing Brush`, nikatia alama kwenye `Sample merged` ili isome picha yote na si tabaka tupu. Zana hii huchukua chembechembe za ngozi kutoka unakoielekeza na kuzipandikiza unapogusa, huku ikifuata mwanga na rangi ya pale pa kupandikizia. Ndiyo maana rangi lazima itangulie. Ukiianza `Heal` juu ya doa lililo jeupe bado, itapandikiza vinyweleo juu ya weupe na kuuacha weupe palepale. Nilichukua ngozi ya upande uleule wa kichwa, si mbali na doa, nikibadilisha mahali pa kuchukulia kila baada ya miguso miwili mitatu. Usipobadilisha, vinukta hujirudia kwa mpangilio na utosi ukawa kitenge.

Tahadhari moja: ukifika pale kichwa kinapokutana na ukuta wa nyuma, iache `Heal`, kwa kuwa itavuta rangi ya ukuta ikaipaka kichwani kama moshi. Ukingoni tumia `Clone`, ambayo hunakili kitu kilivyo. Ule mstari wa taa ya mrija niliufuta wote kwa `Heal`, kwenye tabaka la peke yake. Ni mwembamba, ngozi ya pande zote mbili iko karibu, na haukuwa na sababu ya kuwepo. Mng'ao mmoja unaumba kichwa. Miwili inayotoka pande tofauti inakivuruga.

La pili ni kuurudisha mng'ao. Ndiyo, kuurudisha. Tabaka la rangi na la vinyweleo niliyaweka kwenye kundi moja la hali ya `Pass through`, nikalishusha kundi hilo hadi `Opacity` 70, ili sehemu 30 katika 100 ya weupe wa asili ichungulie kutoka chini. Katikati ya doa namba zikawa 210, 175, 155. Linganisha na zile za shavuni, 142, 96, 70. Ni pang'avu zaidi, sana tu, lakini wekundu uko juu ya ukijani na ukijani juu ya ubuluu, kama kwenye ngozi yake. Na hivyo ndivyo mng'ao wa kweli ulivyo: ngozi iko pale pale, halafu juu yake umeongezwa mwanga mweupe kiasi. Tabaka la vinyweleo nalo nililishusha kidogo, kwa macho tu, hadi liliposhikana na jirani zake.

Nikadhani nimemaliza, kumbe pua ilikuwa inanitazama. Kwenye ncha ya pua na juu ya mashavu kulikuwa na mng'ao mdogo ambao mwanzo haukumsumbua mtu, kwa kuwa wa kichwani ulikuwa mkubwa. Sasa kichwa kimetulia na pua inawaka, ukadhani kichwa ni cha mtu mwingine. Nao nikaupunguza kidogo, usilingane na wa kichwani bali uwe chini yake.

Ukaguzi naufanya kwa namna mbili, na hakuna hata moja inayohitaji jicho la fundi. Naipunguza picha kwenye skrini hadi iwe ndogo kama ya paspoti, nasogea nyuma kama mita 2, naangalia nini kinaniita kwanza. Kikiwa ni kichwa badala ya macho, kazi haijaisha. Kisha naipandisha `Saturation` hadi mwisho, picha yote inakuwa kama imemwagiwa mawese, isipokuwa sehemu iliyo kijivu. Kijivu hakina rangi ya kuongezwa, kwa hiyo kinabaki kimekaa palepale, kinajitangaza. Ukikiona, rudi kwenye tabaka la rangi. Ukimaliza, `Saturation` irudishe ilipokuwa. Mimi niliwahi kusahau.

Kazi yote ile ilinichukua zaidi ya saa moja kwa doa moja la ukubwa wa kifuniko cha soda. Picha ilikubaliwa. Lakini saa nzima kwa kichwa kimoja si biashara, na miezi michache baadaye binti yule akanipigia tena: baba mdogo amekuja kutoka Muheza, wanataka picha ya ndugu wawili wamekaa pamoja. Nikauliza kwa adabu zote kama baba mdogo naye ana nywele. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Hata moja, kaka."

Safari hii nilibeba mwavuli mweupe wa studio wa upana wa mita 1, na kigari cha kuusimamishia. Sababu ni ileile ya kijiko. Kama doa ni picha ya taa, basi doa litakuwa dogo na kali kwa kiasi taa ilivyo ndogo na kali. Uso wa flashi yangu ni kama sentimita 4 kwa 6, sawa na kisanduku cha kiberiti kikubwa. Mwavuli ule una eneo zaidi ya mara 300 ya hapo. Mwanga uleule unaofika kwa mtu ukitandazwa kwenye eneo kubwa hivyo, kila kipande chake kinakuwa hafifu, na picha yake kichwani inakuwa pana na hafifu pia, bila kufurika namba. Mng'ao unabaki, ila umetandaa kama maziwa kwenye chai badala ya kuganda kama sarafu.

Kuna jambo kuhusu umbali ambalo lilinichukua miaka kulielewa, na bado nawaona mafundi wanafanya kinyume. Taa ikiwa inang'arisha kichwa, mtu huisogeza mbali. Anajiharibia. Ukiusogeza mwavuli kutoka mita 2 hadi mita 1, ngozi inapata mwanga mara 4, lakini ukali wa ile picha ya mwavuli kichwani hauongezeki. Inakuwa kubwa tu, kama uso wako kwenye kioo unavyokuwa mkubwa ukikisogelea bila kuwa mweupe zaidi. Sasa kwa kuwa ngozi imezidi mwanga, unabana tundu la lenzi kutoka f/5.6 hadi f/11. Ngozi inarudi ilivyokuwa, na mng'ao, ambao haukuwa umepanda, unashuka hadi robo yake. Leta mwavuli karibu kadiri unavyoweza bila kuingia kwenye picha. Niliuweka pembeni, nyuzi 45 hivi kutoka kwenye kamera, chini yake ukiwa juu kidogo ya macho yao. Ukiuinua sana mng'ao unapanda utosini. Ukiuweka mbele kabisa unamwagika kwenye paji lote.

Taa ya darini nilizima. Kamera niliishusha hadi usawa wa macho, nikamwambia mwalimu, "Mzee, inua kidevu kidogo, kama unamtazama mwanafunzi aliyechelewa." Aliinua kwa ustadi mkubwa. Kidevu kikipanda kidogo, utosi unarudi nyuma na kipara kinachoonekana na kamera kinapungua.

Kabla ya hapo niliwapa kila mmoja karatasi laini za kujifutia. Kubandika na kubonyeza, si kusugua. Kusugua kunaisambaza mafuta na kuibua jasho jipya, na kwa wenye ngozi nyepesi kunaacha wekundu. Poda sikuiweka. Inafanya kazi, lakini kwa ngozi zetu ina masharti: iwe ya rangi ya mtu mwenyewe, iwe kidogo sana, ipakwe kwa brashi baada ya kufuta mafuta na si juu yake, na ishuke hadi masikioni na shingoni ili kusiwe na mpaka. Ile poda nyeupe inayouzwa kwa jina la kwamba haina rangi, machoni haionekani, flashi ikilipuka inaonekana. Ndio unga wa muhogo uleule, ila sasa ni wa kweli.

Wapo wanaouliza habari za kichujio cha upolarishaji, kile kioo cheusi kinachozungushwa mbele ya lenzi kuua mng'ao wa maji na vioo vya magari. Kinaua mng'ao unaoruka kwa mlalo, vizuri zaidi mwanga ukigonga karibu nyuzi 55. Taa ikiwa nyuzi 45 kutoka kwenye kamera, mng'ao wa kichwani unakuwa umegonga kwa nusu ya hapo, nyuzi 22 na kitu, na kwa pembe hiyo kichujio kinafanya kidogo huku kikikula mwanga mwingi. Ukikiweka na kwenye taa pia, vioo viwili vikikatana, mng'ao wote unakwisha. Madaktari wa ngozi hupiga hivyo ili waone madoa bila kusumbuliwa na mafuta. Kwa picha ya sebuleni, umerudi kwenye mtungi usiochomwa.

Asiye na mwavuli atumie dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, na shuka nyeupe nyembamba mbele yake ikiwa jua linaingia. Baraza nayo ni nzuri, mradi mtu akae ndani kidogo, paa liwe juu ya kichwa chake na uso uelekee nje. Akitoka nje ya paa, mbingu yote inageuka taa ya darini.

Nilipiga picha 40 za wale ndugu wawili, kamera nikiwa nimeipunguza theluthi mbili za kituo na kuiwasha ile alama inayometameta pale mwanga unapofurika. Haikumeta hata mara moja. Kwenye kompyuta nilishusha `Highlights` kidogo, nikagusa pua ya baba mdogo, basi. Dakika 10 kwa vichwa viwili. Mwalimu alipoiona, alivaa miwani, akaisogeza karibu, akapitisha kidole utosini.

"Hapa sawa," akasema. "Hapa nimeoga."

Kilichosaidia zaidi ya mwavuli nilikifanya kwa simu, siku moja kabla. Nilimwomba binti awaambie wazee wanyoe jioni ile na si asubuhi ya picha, ili vinyweleo viote kidogo na kuuvunjavunja mwanga, na wasijipake kitu kichwani wakiamka. Mwalimu hakulipenda la mafuta, akalikubali. Nawe kama una kipara na kesho unakwenda kupigwa picha, nyoa leo, na chupa ya mafuta ya nazi au kopo la mafuta ya mgando uliache nyumbani hadi urudi.